Chumba kimoja, wageni wawili: umwambie lini, kwa njia gani, na umpeleke wapi?

Wiki ya Juni 3 ndiyo wiki ambayo gesti za Kyaliwajjala, Kireka na Kira huuza kitanda hadi cha mwisho. Mahujaji wanaokuja Namugongo, karibu na Kampala, kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa miguu, wengine kwa mabasi ya parokia, na wengi wa wanaopiga simu kuulizia chumba wanazungumza Kiswahili. Ndiyo wiki pia ambayo chumba kimoja huuzwa mara mbili kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu nusu ya nafasi zinaingia kupitia simu na daftari, na nusu nyingine zinaingia kupitia mtandao usiku watu wakiwa wamelala.

Mimi kazi yangu ni mapokezi, na nitakachofanya hapa ni kulinganisha njia ambazo meneja wa gesti hujikuta akizichagua siku anapogundua kosa hilo. Zote zinatumika. Baadhi zinamwacha mgeni akiwa bado mgeni wako, baadhi zinampoteza yeye na parokia yake nzima. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho.

Gesti iko Kyaliwajjala na ina vyumba sita. Mwezi Machi, mama mmoja wa Bukoba alipiga simu akaweka vyumba viwili kwa usiku wa Juni 2 na 3. Anakuja na binti zake wawili na mkwewe, kwa gari lao. Bei ni shilingi 80,000 za Uganda kwa chumba kwa usiku, jumla 320,000, na ametanguliza nusu, yaani 160,000. Kijana wa zamu aliandika kwenye daftari, lakini hakuna aliyevifunga vyumba hivyo kwenye kalenda ya Booking.com. Mwezi Aprili kikundi cha watu kumi na wawili kutoka Nakuru kikachukua vyumba vyote sita mtandaoni, kwa usiku uleule. Asubuhi ya Mei 28 meneja anapanga shuka, anahesabu, na anaona vyumba vinane vimeahidiwa katika nyumba yenye vyumba sita.

Kwanza: nani ahamishwe?

Swali hili huamuliwa haraka mno, na mara nyingi kwa sababu mbaya. Kuna anayehamisha mgeni aliyelipa kidogo. Kuna anayehamisha mgeni wa simu kwa sababu hana pa kuandika malalamiko, ilhali mgeni wa mtandao ataandika maoni yatakayosomwa miaka. Kuna anayeogopa adhabu ya mtandao. Hofu hiyo ina msingi: Airbnb, kwa mfano, humtoza mwenyeji anayefuta nafasi asilimia 10 ya thamani yake ikiwa zimebaki zaidi ya siku 30, asilimia 25 zikibaki chache kuliko hizo, na nusu nzima zikibaki saa 48 au pungufu. Booking.com nayo inatarajia mwenye nyumba amtafutie mgeni mahali pengine pa kiwango kilekile au bora zaidi, na abebe tofauti ya bei.

Kipimo ninachokiona cha haki zaidi kina sehemu mbili. Uliza nani alitangulia, kisha uliza nani ataumia kidogo akihama. Hapa majibu yanagongana. Aliyetangulia ni mama wa Bukoba, kwa hiyo haki ni yake. Lakini watu wa Nakuru ni kumi na wawili. Ukiwatoa wanne, umekivunja kikundi: basi moja, kiongozi mmoja, mpishi mmoja, na sasa malazi mawili. Ukiwatoa wote, utafute wapi vyumba sita Mei 28? Familia ya Bukoba ni watu wanne wenye gari, na vyumba viwili pamoja bado vinaweza kupatikana.

Kwa hiyo meneja anaelekea kwa mama. Sawa, lakini ukweli kwamba yeye ndiye aliyetangulia unabadilisha namna nzima ya kuzungumza naye. Mgeni aliyechelewa kuweka nafasi unaweza kumweleza kwamba chumba hakipo. Aliyetangulia unamwomba. Na ombi ni ombi pale tu anapoweza kukataa na vyumba vyake vikabaki vyake. Meneja asipige simu kabla hajajua atafanya nini mama akisema hapana: atakipigia kikundi cha Nakuru, atazungumza na kiongozi wao, na ataomba wanne kati yao walale kwa jirani. Hilo liwe limeamuliwa kabla, kwa sababu mama atasikia kwenye sauti kama lipo au halipo.

Sasa hivi, baadaye, au langoni?

Njia ya langoni ndiyo inayotumika sana, na nitaisema wazi kwamba ni mbaya kuliko zote. Mgeni anafika saa mbili usiku, amesafiri zaidi ya kilomita 300 kupitia Mutukula na Masaka, na mtu wa mapokezi anajifanya anashangaa pamoja naye. Meneja anayechagua njia hii hutumaini kwamba mmoja wa wageni hatatokea. Hutokea kweli, mara moja moja. Lakini wiki ya Namugongo watu hawaahirishi, kwa sababu tarehe haihami. Na mgeni akishafika, hana uchaguzi tena. Chochote utakachompa atakipokea kwa sababu ni usiku, na hatakusamehe kwa sababu alikipokea hivyo.

Mashindano halisi ni kati ya kumwambia papo hapo ukiwa huna chumba mkononi, na kumwambia baada ya kupata chumba.

Kumwambia papo hapo kuna uzuri wake. Mgeni anapata muda wote uliobaki. Kama ana dada yake Ntinda au anamjua sista wa nyumba ya masista, anaweza kujipangia. Lakini simu ya namna hiyo inamwachia mgeni tatizo lako. "Mama, vyumba vyako vimepata shida, tunaangalia" ni sentensi inayomfanya asilale usiku huo, na kesho yake anakuta namba tano za gesti nyingine, zote zimejaa.

Kusubiri upate chumba kunakupa kitu cha kumwambia. Hatari yake ni kwamba kusubiri hakuna mwisho. Leo unampigia jirani, jirani anasema nitakuambia kesho, kesho inakuwa Jumapili, na Juni 1 bado hujasema kitu.

Mimi nachagua ya pili, lakini nikiwa nimejiwekea saa. Kukiwa zimebaki siku tano kama hapa, jipe siku ileile hadi jioni. Kosa limeonekana saa tatu asubuhi, basi saa kumi na moja jioni simu inapigwa, chumba kimepatikana au hakijapatikana. Zikiwa zimebaki siku mbili, jipe saa mbili tatu. Zikiwa zimebaki saa chache na mgeni yuko njiani, piga sasa hivi, kabla hajapita Masaka, maana akiwa Masaka bado anaweza kuamua kulala hukohuko. Na kama saa imefika huna chumba, sema hivyo waziwazi: nimeuliza gesti fulani na fulani, zimejaa, naendelea, nitakupigia saa mbili usiku. Kisha piga saa mbili usiku, hata kama huna jipya.

Jambo moja kuhusu "kupata chumba". Wiki ile, chumba ambacho jirani amekuahidi kwa mdomo hujakipata. Atakayefika na pesa taslimu ndiye atakayelala humo. Meneja wetu aende mwenyewe, avione vyumba, aache pesa, na aondoke na risiti yenye jina la mama, tarehe zote mbili, na idadi ya vitanda. Aangalie vitu ambavyo mama angeviangalia. Je, maji yanatoka bombani au kwenye ndoo? Umeme ukikatika kuna jenereta? Gari litalala ndani ya ukuta? Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Lango linafungwa saa ngapi? Hilo la mwisho ni zito usiku wa kuamkia Juni 3, maana mahujaji wengi huondoka kwenda kanisani kabla hakujakucha, na askari wa lango aliyelala amewahi kuwachelewesha watu.

Simu au ujumbe?

Hapa siyumbi: kwanza sauti, halafu maandishi. Ujumbe wa WhatsApp peke yake ni rahisi kwa anayeutuma, na anayeupokea anausoma akiwa sokoni, peke yake, bila mtu wa kumuuliza. Simu peke yake nayo haitoshi, kwa sababu mama akishakata atawaeleza binti zake, na kila mmoja atauliza jambo ambalo mama halikumbuki. Barua pepe ni ya watu wa mtandao na mawakala, na kwao nayo ije baada ya simu.

Mwenye kupiga awe mwenye mamlaka. Ukimpa kijana wa zamu simu hii, ataulizwa swali la pesa na atajibu "ngoja nimuulize bosi", na papo hapo mgeni anajua kwamba anazungumza na mtu asiyeweza kumsaidia.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Ni meneja wa gesti ya Kyaliwajjala, pale mlipoweka vyumba viwili vya Namugongo. Mama, una nafasi ya kuzungumza dakika chache? Kuna jambo la vyumba vyenu, na si zuri."

"Sema tu, nakusikiliza."

"Vyumba vyenu tuliviandika kwenye daftari mwezi wa tatu, lakini hatukuvifunga kwenye mtandao. Watu wengine wakavilipia. Kosa ni letu, si lenu, na ninaomba radhi. Leo nimekwenda kwa jirani yetu, mwendo wa dakika sita kwa miguu kutoka kwetu, nimeshika vyumba viwili kwa jina lako kwa siku zilezile. Ni ghali kuliko vyetu, lakini ninyi mtalipa bei yetu ileile. Iliyozidi ni juu yetu."

Kisha anyamaze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kujaza kimya na maelezo kuhusu mtandao, kuhusu kijana wa zamu, kuhusu wiki ilivyo ngumu. Mama anahitaji muda wa kukasirika kidogo.

"Sasa ninyi mbona mnafanya hivyo? Si sisi tulilipa mapema?"

"Ndiyo mama, ninyi ndio mliotangulia. Ndiyo maana nakuomba, sikuamulii. Mkitaka kubaki kwetu, vyumba ni vyenu, nitazungumza na wale wengine."

Linganisha na simu nyingine niliyowahi kuisikia ikipigwa kwenye nyumba moja: "Mama, mfumo umeleta shida, tumewapandisha daraja, mtakaa hoteli nzuri zaidi." Hakuna aliyeomba radhi, kosa limetupiwa mfumo, na hasara imevalishwa nguo ya zawadi. Mgeni wa namna hii huuliza swali moja tu, "Nzuri zaidi, lakini iko wapi?", na jibu likiwa Mukono, mazungumzo yameisha.

Radhi iombwe mara moja kwenye simu, kwa uzito wake, na mara moja kwenye maandishi. Ukiirudia kila sentensi, mama anageuka kuwa yeye anayekubembeleza. Sababu itajwe kwa sentensi moja ya kweli. Sababu ya kweli ina faida ya kivitendo: watu wa Nakuru na watu wa Bukoba watakutana kwenye foleni ya maji pale uwanjani, na watalinganisha walichoambiwa.

Baada ya simu, ndani ya nusu saa, ujumbe uende:

"Mama, ahsante kwa kunisikiliza. Naandika tuliyokubaliana. Vyumba viwili, kila kimoja vitanda viwili, Juni 2 na 3, kwa jirani yetu Kyaliwajjala. Nimelipia 280,000, risiti hii hapa. Mtakapofika mtalipa 160,000 mliyokuwa mmebakiza kwetu, hakuna zaidi. Chai ya asubuhi imo. Gari litalala ndani. Picha hizi nimezipiga leo. Namba ya mwenye nyumba ni hii, mpigie ukitaka kuhakikisha. Ukibadili mawazo kabla ya kesho saa sita mchana, niambie, vyumba vyetu bado vyenu. Kosa lilikuwa letu, tunaomba radhi."

Namba ya jirani isiachwe. Mama akipiga mwenyewe na kusikia "Ndiyo mama, jina lako ninalo hapa", imani inarudi kuliko kwa neno lolote la meneja. Na ule muda wa kubadili mawazo uwe na saa, ili naye meneja ajue lini anaweza kuwathibitishia watu wa Nakuru.

Kuna simu inayoisha kwa "haya, sawa tu", na meneja anashusha pumzi. Mimi huihesabu hiyo kama bado. Mgeni aliyekubali kweli huuliza maswali: gari litaingia? chai ni saa ngapi? Anayejibu "sawa tu" pengine ameshaanza kutafuta kwingine, na utajikuta umelipia vyumba ambavyo hatakuja kulala. Kesho yake mpigie tena umwombe jambo dogo linalohitaji jibu, kama majina manne ya kuandikisha. Akiyatuma, amekubali.

Umpeleke wapi?

Meneja wetu alikuwa na njia tatu mbele yake. Bei ni za mfano huu.

| | Gesti ya jirani, Kyaliwajjala | Hoteli ya Ntinda | Kumrudishia pesa |
|---|---|---|---|
| Bei kwa chumba kwa usiku | 110,000 | 150,000 | hakuna |
| Mzigo wa gesti yetu | 120,000 | 280,000 | 160,000 na gharama ya kutoa |
| Kwenda Namugongo Juni 3 | kwa miguu | gari, kisha miguu | juu ya mgeni |
| Chumba chenyewe | kama chetu | bora wazi | hana |

Kwa macho ya mtu wa hoteli, Ntinda inashinda: kitanda kipana, lifti, chakula cha asubuhi cha meza ndefu. Kwa macho ya hujaji inashindwa. Juni 3 polisi hufunga barabara zinazoelekea kwenye maeneo ya ibada, magari yanaachwa mbali, na anayelala Kyaliwajjala anatoka kwa miguu na kurudi kwa miguu wakati anayelala Ntinda bado anatafuta pa kuegesha. Mama alichokinunua mwezi Machi kilikuwa ukaribu, na shuka lilikuwa la ziada. Ukimpa shuka bora ukamnyang'anya ukaribu, umempa kitu ambacho hakukiomba kwa bei ya kile alichokitaka. Jirani wa 110,000 anashinda, na bahati nzuri ni nafuu pia kwa gesti.

Usichukue hukumu hiyo ukaipeleka kila mahali, kwa sababu kinachonunuliwa hubadilika. Entebbe, mgeni wa usiku mmoja anayesubiri ndege ya alfajiri ananunua uhakika wa kufika uwanjani. Ukimhamisha kilomita chache zaidi lakini ukamwekea gari langoni saa tisa usiku, hajapoteza kitu. Bwindi ni kinyume kabisa. Kibali cha kuwaona gorila, ambacho mgeni wa nje asiye mkazi hukilipia dola 800, ni cha tarehe moja na sehemu moja: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Watu wanatakiwa kufika asubuhi kwenye sehemu yao kabla ya maelekezo. Mwenye kibali cha Buhoma ukimhamishia Rushaga, hata kwenye nyumba nzuri mara mbili, umemweka saa kadhaa za barabara ya milima mbali na kibali chake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba cha kumhamishia, muulize mgeni, au soma kwenye ujumbe wake wa kwanza, anakuja kufanya nini na saa ngapi anatakiwa awe wapi.

Kumrudishia pesa kuna mahali pake, lakini kama njia ya kwanza wiki hii ni kumtupa. Pesa zake 160,000 hazinunui chumba Kyaliwajjala Mei 28, kwa sababu vyumba havipo. Mwambie kwamba ipo, kama haki yake, baada ya kumpa chumba. Na akiichagua, mrudishie yote pamoja na ya kutolea, maana mawakala wa pesa za simu wana tozo yao na serikali inaongeza asilimia 0.5 ya kodi kwa kila utoaji. Mgeni aliyetuma 160,000 akapokea pungufu ya hapo atalikumbuka hilo kuliko kosa lenyewe. Kama alituma kutoka Tanzania, mwulize anataka kupokelea wapi kabla hujabonyeza kitu.

Kuhusu punguzo la mwakani, mimi silipendi katika hatua hii. Unampa ahadi mtu ambaye ahadi yake ya kwanza umeivunja jana. Kama gesti inataka kuongeza kitu, kiwe kitu atakachokipata wiki hiihii: chakula cha jioni siku ya kufika, au kijana wa bodaboda anayewasubiri Kireka awaongoze hadi langoni. Familia inayoingia usiku kwenye barabara zilizojaa mahujaji itathamini bodaboda hiyo kuliko asilimia yoyote ya punguzo.

Pesa na lango: mahali ambapo mpango mzuri huharibika

Hesabu yetu ni hii. Kwa jirani, vyumba viwili kwa usiku mbili ni 440,000. Kwetu ilikuwa 320,000. Tofauti ni 120,000, nayo ni ya gesti. Utangulizi wa mama, 160,000, uko kwetu. Kwa hiyo gesti inampelekea jirani 280,000 kabla mama hajafika, na mama akifika analipa 160,000 aliyokuwa anadaiwa tangu mwanzo.

Kuna wanaofanya vingine: mama alipe yote 440,000 kwa jirani, kisha sisi tumrudishie tofauti yake baadaye. Kwa karatasi matokeo ni yaleyale. Kwa mama siyo. Anatoa pesa ambazo hakuzipanga, akiwa nchi ya watu, na anabaki na neno lako tu. Njia ya tatu, ya kulipana na jirani mwisho wa mwezi kama majirani, ndiyo ya hatari zaidi. Mwenye nyumba akitoka, mkewe au mlinzi aliyebaki hajui makubaliano, anasoma bei ya 110,000 ukutani, na anamdai mama 440,000 saa tatu usiku mbele ya wakwe. Risiti inayosema "imelipwa 280,000, imebaki 160,000" iwe mikononi mwa anayelala langoni, na nakala iwe kwenye simu ya mama.

Kisha kuna ramani. Mwezi Machi mama alitumiwa pini ya gesti yetu, na dereva wake ameihifadhi. Atafika kwetu, hata kama umemweleza mara tatu. Tuma pini mpya siku ya safari, asubuhi, kwa simu ya dereva na si ya mama peke yake, na bado acha mtu langoni kwetu mwenye jina lao. Akitokea mlinzi asiyejua kitu akasema "hapa tumejaa", kazi yote ya siku tano imemwagika hapo.

Na meneja awepo kwa jirani wanapofika. Aliyepiga simu ndiye aonekane. Awasalimie, awabebee mzigo, awaonyeshe vyumba, afungue bomba mbele yao, ahakikishe mlinzi ana risiti na anajua saa wanayotaka kutoka alfajiri, kisha aondoke bila kukaa sana, maana wamechoka. Usiku huo asiombe maoni mazuri wala asiulize kama wamesamehe. Asubuhi ya Juni 4, kabla hawajashika njia ya Masaka, apige tena: wamelala salama? mlango ulifunguliwa kwa wakati? kuna walichodaiwa zaidi? Kama kipo, akirudishe wakiwa bado Kyaliwajjala.